Modeli ya nyumba imegoma kulingana na plani ya mkono: dalili na chanzo chake

Plani ya mkono ukiishika inaonekana haina shida, karatasi moja, kuta, milango, madirisha na mistari miwili mitatu ya paa. Ukiiingiza kwenye softwea ya BIM ndo vituko vinaanza, chumba kimebana, dirisha limehamia kona, paa linaelea hewani. Nitatumia Revit maana ndo nayoijua kwa vidole, ila karibu kila kitu hapa kipo na kwenye softwea nyingine kwa majina mengine.

Tushike mfano mmoja tu mpaka mwisho. Plani imeandikwa kwa milimita. Nyumba nje ni 9000 kwa 7200. Ukitembea na urefu, unakuta sebule 4200, korido 1200, chumba cha kulala 3000. Ukuta umeandikwa 150. Upana, vyumba viwili, kimoja 3600 kingine 3150. Kuta zimesimama 2700, paa ni la pande mbili linamwaga maji kwenye zile pande ndefu, mwinamo nyuzi 25, upenu 600.

Sasa kabla hujagusa kompyuta chukua kikokotoo. 4200 jumlisha 1200 jumlisha 3000 ni 8400. Kwenye urefu huo unavuka kuta nne, mbili za nje mbili za ndani, 4 mara 150 ni 600. Jumla 9000, imefunga. Hiyo hesabu imekwambia jambo kubwa kuliko unavyodhani, imekwambia vipimo vya vyumba vimepimwa uso wa tofali mpaka uso wa tofali, na 9000 ni tofali la nje mpaka tofali la nje, plasta haimo. Likumbuke hilo maana dalili nyingi huko chini zinarudi hapo hapo, kipimo kimeanzia wapi na kimeishia wapi.

Vipimo vya kwenye karatasi vyenyewe havifungi

Hii inatokea sana na watu wanailazimisha tu, wanapunguza chumba kimoja kimya kimya halafu wanaendelea. Usifanye hivyo. Angalia tofauti ni kiasi gani kwanza, maana tofauti yenyewe inaongea.

Kwenye mfano wetu upande wa kulia una 3600 na 3150, ukiongeza kuta tatu yani 450 unapata 7200, safi. Upande wa kushoto mchoraji kaandika 3600 na 3300. Jumlisha na 450 unapata 7350. Imezidi 150, na 150 ni unene wa ukuta mmoja kamili. Kwaiyo hakukosea kupima, alichofanya ni kuvuta tepu mpaka uso wa nje wa ukuta badala ya uso wa ndani, ile 3300 ni chumba cha 3150 na ukuta wake juu. Tofauti ikiwa ni unene wa ukuta au mara mbili yake, chanzo ni kuta, imehesabiwa mara mbili au imesahaulika. Ikiwa ni nusu ya ukuta, yani 75, kuna mtu kapima mpaka katikati ya ukuta. Ikiwa ni namba isiyo na uhusiano wowote na ukuta, mfano 500 au 270, hapo shuku mwandiko, 3 imesomwa 8, 1 imesomwa 7, au namba mbili zimegeuzwa. Ikifika hapo piga simu kwa aliyechora au rudi saiti ukapime, hakuna softwea itakayokutolea jibu.

Picha ya plani inalingana upande mmoja, upande mwingine haikubali

Umeingiza picha kwa `Import Image`, ukaiskeli mpaka urefu ukasoma 9000 bila shida, ukapima upana unasoma 7350 au 7100, wakati karatasi inasema 7200. Umerudia mara tatu, hola.

Chanzo cha kwanza ni simu. Ukipiga picha karatasi ukiwa umeinama kidogo, upande ulio mbali na kamera unakuwa mfupi, mstatili unakuwa kama trapezi, na hakuna kuskeli kutakakorekebisha hilo maana skeli inakuza pande zote sawa. Tumia skana ya kulaza karatasi, au app ya simu ile inayonyoosha kona nne. Karatasi iliyokunjwa nayo inadanganya vile vile.

Chanzo cha pili ni kuskeli kwa mstari mfupi. Mtu anaona mlango umeandikwa 900, anabofya ncha mbili za mlango anaandika 900. Mstari wa penseli una unene, ukikosea 10 tu kwenye mlango, kwenye urefu wa 9000 kosa limeshakuwa 100. Skeli kwa kipimo kirefu kuliko vyote ulichonacho. Andika `RE`, bofya kona ya kwanza, bofya kona ya mwisho, andika 9000, ingiza. Kisha hakiki kwa kipimo cha upande mwingine, sio kile kile ulichotumia. Ikikubali ipigilie kwa `PN` isije ikasogea ukiwa unavuta kitu kingine.

Ila hata ikikubali vizuri, nakuomba, usifuatishe mistari ya picha. Picha ni ya kukuonyesha chumba kipi kiko wapi, kipimo unaandika mwenyewe kwa kibodi. Wanaofuatisha penseli wanapata kuta zilizopinda kidogo sana, macho hayaoni, lakini softwea inaona, inakuletea onyo kwamba `Wall is slightly off axis and may cause inaccuracies`. Wengi wanalifunga na kuendelea. Baadae vipimo vinasoma namba za ajabu kama 4199.6, na ukijaribu kuweka kipimo kati ya kuta mbili kinagoma maana haziko sambamba. Dawa ni kufuta huo ukuta na kuuchora upya ukiwa umeshika `Shift`, mstari unanyooka wenyewe. Kuunyoosha ulioshapinda ni kazi zaidi.

Umeandika 9000 lakini nyumba inasoma 9180, na chumba cha mwisho ni kikubwa kupita kiasi

Hapa ndo moyo wa jambo lote, tukae kidogo.

Ukuta kwenye BIM sio mistari miwili, ni kitu chenye matabaka. Ukuta wetu una tofali 150 katikati na plasta 15 kila upande, jumla 180. Ukichora, softwea inataka kujua ule mstari unaouvuta na kipanya ni sehemu gani ya ukuta, na inasoma jibu kwenye `Location Line`. Usipoigusa unakuta iko `Wall Centerline`, yani katikati.

Kwaiyo ukivuta 9000 ukiwa kwenye katikati, 9000 inakuwa katikati ya ukuta wa kushoto mpaka katikati ya ukuta wa kulia. Nje kwenye plasta unapata 9180, kwenye tofali 9150. Halafu unaweka kuta za ndani, unaandika 4200 kutoka ukuta wa kushoto, tena katikati mpaka katikati. Sebule ya 4200 imebaki 4050 tofali kwa tofali. Korido unaandika 1200, inabaki 1050. Chumba cha kulala hukukiandika, umekiacha kipate kilichobaki, kinapata 3450 wakati plani inasema 3000. Ona hapo, vyumba vya mwanzo kila kimoja kimeibiwa 150 na cha mwisho kimebeba wizi wote pamoja na ziada ya nje. Ndo maana dalili hii inawachanganya watu, wanashughulika na chumba cha kulala kwa sababu ndo kinaonekana kibaya, wakati chumba cha kulala hakina kosa lolote.

Kwa plani kama yetu weka `Location Line` kuwa `Core Face: Exterior` kwenye kuta za nje, hapo 9000 inakaa kwenye uso wa nje wa tofali kama karatasi inavyosema, plasta inatoka nje yenyewe na ukipima mwisho kwa mwisho utapata 9030. Hiyo 9030 ni sahihi, usiirekebishe. Kwa kuta za ndani weka ukuta popote, kisha weka kipimo cha kudumu kutoka uso wa tofali mpaka uso wa tofali, bofya ukuta unaotaka usogee, ndo uandike 4200. Ukiwa unaweka kipimo peleka kipanya juu ya ukuta, bonyeza `Tab` mara kadhaa mpaka uone uso wa tofali ndo umewaka, sio plasta.

Kama plani yako hesabu yake inafunga kwa njia nyingine, mfano vipimo ni vya chumba kilichoshapigwa plasta, basi unabadilisha chaguo hilo liwe `Finish Face: Exterior` au `Finish Face: Interior`. Hakuna jibu moja la plani zote, kile kikokotoo cha mwanzo ndo kinakwambia. Kwenye Archicad hicho kitu kinaitwa `Reference Line`, kazi yake ni ile ile.

Kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza, umegundua kosa, umechagua kuta zote, umebadilisha `Location Line`, na hakuna kilichosogea. Ndivyo ilivyo, ukuta ulioshachorwa unabaki pale pale, kilichobadilika ni mstari utakaotumika ukiugeuza au ukibadilisha aina yake. Inabidi uzisogeze au uzichore upya, na kwa nyumba ya kuta nane kuchora upya ni dakika tano.

Wa pili ni mwelekeo. Umeweka `Core Face: Exterior` vizuri kabisa na bado nje inasoma 9330. Toa 9030 unabaki na 300, kuta mbili. Maana yake umechora kinyume na mshale wa saa, kwaiyo upande ambao softwea inauita nje umegeukia ndani ya nyumba, na unene wote wa tofali umeangukia nje ya mstari wako. Chagua hizo kuta, bonyeza `Space`, zitageuka juu ya mstari wake na kurudi ndani. Siku nyingine zunguka na mshale wa saa. Mimi hili lilinikuta kwenye nyumba ambayo nilishaweka madirisha yote, nikageuza kuta na madirisha nayo yakageuka, vioo vikatazama ndani, nikakaa jioni nzima nikigeuza moja moja.

Ukuta umepaa mita 8, au nyumba nzima haionekani

Hizi ni fupi. Ukuta wa mita 8 ni ile namba inayokuja na kiolezo cha milimita kwenye `Unconnected Height`, hukuigusa. Weka leveli ya juu ya kuta iwe 2700, ipe jina linaloeleweka, chagua kuta zote na `Top Constraint` yake iwe leveli hiyo. Kiolezo kinakuja na `Level 2` kwenye 4000, kwaiyo ukifunga kuta kwenye `Level 2` bila kuishusha kwanza unapata nyumba ya mita 4 na unaanza kujiuliza mbona imerefuka.

Nyumba ikipotea kabisa baada ya kuandika 9000, angalia vipimo, `UN`. Ukifungua kiolezo cha futi, 9000 inasomwa futi 9000, ukuta umeenda kilomita mbili na zaidi huko. Usibadilishe tu vipimo ukaendelea, anza upya na kiolezo cha milimita, maana milango na madirisha yaliyomo kwenye kiolezo cha futi nayo ni ya inchi.

Dirisha halikai pale plani inaposema

Plani inasema kutoka kona ya ndani mpaka dirisha linapoanza ni 900, dirisha lenyewe lina upana 1200. Umeweka dirisha, umebofya kile kipimo cha buluu kinachotokea, umeandika 900, na dirisha limeruka karibu kabisa na kona. Ukipima unakuta ni 225 tu.

Kile kipimo cha buluu kinapima kutoka wapi? Mara nyingi unakikuta kimewekwa katikati ya ukuta mpaka katikati ya dirisha. Umeandika 900, ukitoa nusu ya dirisha 600 na nusu ya tofali 75, inabaki 225. Kwaiyo ukiona dirisha limekosea kwa 675, au kwa namba yoyote ambayo ni nusu ya dirisha ukiongeza nusu ya ukuta, usihangaike na dirisha. Nenda `Manage`, `Additional Settings`, `Temporary Dimensions`, kwenye kuta chagua `Faces of Core`, kwenye milango na madirisha chagua `Openings`. Kuanzia hapo ukiandika 900 unapata 900 ya kwenye karatasi.

Chanzo hicho hicho kinazaa onyo jingine ambalo watu wanadhani ni ugonjwa tofauti, `Insert conflicts with joined Wall`. Plani ingesema 600 badala ya 900, ungeandika 600 kwa mpangilio wa zamani na ukingo wa dirisha ungetua katikati kabisa ya ukuta unaokutana nao pale kona, dirisha linajaribu kutoboa sehemu ambayo ni ya kuta mbili. Rekebisha kipimo onyo linaondoka lenyewe.

Ukibadilisha dirisha kutoka urefu wa 1200 kwenda 1500 na kichwa chake kikapita kile cha mlango, ni kwa sababu kizingiti cha chini kilibaki 900, kichwa kikaenda 2400. Kwenye plani nyingi vichwa vya milango na madirisha viko mstari mmoja, 2100 kwa mfano, kwaiyo andika `Head Height` 2100 na kizingiti kitajishusha.

Dirisha la choo lipo kwenye 3D, kwenye plani ukuta umeziba

Plani kwenye BIM ni nyumba iliyokatwa kwa msumeno wa kulala, na msumeno huo uko 1200 kutoka sakafuni. Dirisha la sebule linaanza 900 mpaka 2100, msumeno unalipitia. Dirisha la choo la 600 kwa 600 lenye kichwa 2100 linaanza 1500, msumeno unapita chini yake, unakata ukuta mtupu. Modeli haina kosa lolote.

Ukipandisha msumeno wa plani nzima mpaka 1800 kwenye `View Range` choo kitaonekana ila kitu kilichokuwa kinakatwa pale 1200 na kimeishia chini ya 1800 hakikatwi tena, kinaonekana kwa juu tu. Bora `Plan Region`, iko kwenye `View` ndani ya `Plan Views`. Chora mstatili kuzunguka hilo dirisha tu, mpe `Cut plane` 1800, sehemu nyingine zote zinabaki 1200.

Paa limeelea, kuna mwanya kati ya ukuta na paa

Ukitazama ubavuni unaona ukuta umesimama 2700, halafu kuna mwanya, halafu paa. Mtu wa kwanza anayeuliza anaambiwa shusha paa. Anashusha kwa macho, anafika mahali anaona kama limegusa, anaacha. Sasa pima huo mwanya kabla hujashusha chochote. Kwetu unasoma 280.

280 inatoka wapi? Mwinamo nyuzi 25, tani ya 25 ni 0.466, mara upenu wa 600 ni 280. Ndo hapo. Paa lako linaanza kupanda kutoka ukingo wa upenu badala ya kuanzia kwenye ukuta, likifika kwenye ukuta limeshapanda 280.

Kilichosababisha ni jinsi ulivyochora ile mistari ya paa kwenye `Roof by Footprint`. Ukitumia `Pick Walls` na kuandika `Overhang` 600, softwea inajua ukuta uko wapi, inapitisha mwinamo kwenye leveli ya 2700 pale kwenye ukuta na upenu unashuka chini kutoka hapo, mwisho wake uko 2420. Ukichora mwenyewe kwa mstari wa kawaida, mstari umekaa 600 nje ya nyumba na softwea haina habari kwamba kuna ukuta, inaanzisha mwinamo hapo hapo kwenye mstari kwa 2700. Mgongo wa paa nao unabadilika. Kwa njia ya kwanza mgongo uko 3600 kutoka ukutani, 3600 mara 0.466 ni kama 1680, yani 4380 kutoka sakafuni. Kwa njia ya pili unapanda kwa 4200, unafika 4660 hivi. Kama plani ya mkono ina urefu wa mgongo umeandikwa, hiyo tofauti ya 280 inakwambia mchoraji aliwaza nini.

Kwaiyo rudi kwenye mchoro wa paa kwa `Edit Footprint`, futa mistari, weka `Pick Walls` na `Overhang` 600. Tiki `Extend to wall core` ili 600 ipimwe kutoka kwenye tofali kama vipimo vyetu vingine vyote, la sivyo inapimwa kutoka kwenye plasta. Hakikisha 600 iko pande zote, ukichagua ukuta mmoja kabla hujaandika namba huo unabaki na sifuri na paa linatoka lisilo sawa upande mmoja, macho yanaliona baya bila kujua kwanini.

Na kabla hujaridhika angalia ule mwisho wa upenu, 2420, na kichwa cha dirisha 2100. Nafasi ipo. Ila plani ingesema upenu 1200, upenu ungeshuka 560 mpaka 2140, unene wa paa na ubao wa ukingo unakaribia kufunika dirisha, na hilo kwenye karatasi halionekani kabisa. Hapo kosa sio la modeli, ni la plani, mwambie mwenye plani.

Paa limetoka pande nne badala ya mbili, au linagoma kumaliza

Pande nne ni kwa sababu kila mstari una alama ya pembetatu, maana yake unainama. Chagua ile mistari miwili ya pande fupi, toa tiki kwenye `Defines Slope`. Likigoma kumaliza na kusema `Lines must be in closed loops` kuna kona mistari haijagusana au imepitana, tumia `TR` kwenye kona hizo.

Baada ya hapo kuta za pande fupi zitabaki zimekatika kwa 2700 na pembetatu ya juu iko wazi, unaona ndani ya paa. Chagua hizo kuta mbili, `Attach Top/Base`, bofya paa, zitapanda zenyewe kufuata mwinamo. Likija onyo `Highlighted walls are attached to, but miss, the highlighted targets` ujue paa halifunikii ukuta wote, mara nyingi upande huo upenu ni sifuri au paa limekatikia ndani ya ukuta, rudi kwenye ile 600.

Plani ya paa inaonyesha paa lenye shimo katikati

Unafungua plani ya leveli ya 2700 unaona vipande viwili vya paa pembeni na katikati wazi. Ni msumeno ule ule wa choo. Uko 1200 juu ya leveli hiyo, na mgongo wa paa letu uko 1680 juu yake, kwaiyo umekata kilele. Fungua `View Range` ya plani hiyo tu, weka `Top` na `Cut plane` 3000, paa litaonekana zima na mstari wa mgongo katikati. Mstari huo ukiwa haujakaa katikati kamili, pima upenu wa pande mbili ndefu, mmoja sio 600.

Eneo la chumba halilingani na la kwenye karatasi

Sebule kwenye karatasi ni 4200 kwa 3600, mita za mraba 15.12. Softwea inasema 14.89. Kuta ziko sawa, vipimo viko sawa, kilichotokea ni kwamba softwea inapima eneo kutoka kwenye plasta, 4170 kwa 3570. Fungua `Area and Volume Computations`, badilisha `At wall finish` iwe `At wall core layer`, inarudi 15.12. Ila kama namba hiyo unaitumia kununua vigae vya sakafu, iache 14.89, fundi wa vigae anakuta plasta imeshapigwa.